Jibini limevimba usiku: kutafuta chanzo, dalili kwa dalili

Haya ni ya jibini linalogandishwa kwa reneti, kimeng'enya cha kugandishia maziwa, likakatwa, likafungwa kwenye kitambaa, likakandamizwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Lile la kuchemsha maziwa na kukamulia limau lina adabu zake nyingine, silihesabu hapa.

Dalili nimezipanga kwa namna watu wanavyokutana nazo, tangu sufuria ikiwa jikoni hadi kisu kinapoingia kwenye jibini. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kinatangulia. Katikati nitakaa muda mrefu kwenye kisa cha kijana mmoja wa Tabata, fundi simu, ambaye jibini lake la kwanza liliharibika vibaya. Wengi wakiharibikiwa hutupa na kuacha. Yeye alifanya kama anavyofanya na simu isiyowaka: alijaribu kitu kimoja baada ya kingine mpaka akajua hitilafu iko wapi.

Dalili ya kwanza: saa nzima imepita, maziwa bado ni maji

Anza kwa kuangalia umenunua maziwa gani. Maziwa ya boksi yanayokaa rafuni miezi bila friji hayagandi kwa reneti, na hakuna ujanja. Yamepashwa joto kali mno, na protini moja ya maziwa imeifunika nyingine ambayo reneti ingeifanyia kazi. Maziwa uliyoyachemsha mwenyewe mpaka yakapanda nayo yako hivyohivyo. Ni mazuri kwa chai na kwa mtindi, lakini kwa jibini hili yameshapita.

Kama maziwa ni ya kawaida, angalia reneti uliichanganya kwenye maji gani. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaiua reneti kabla haijafika kwenye sufuria. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa, nusu kikombe yanatosha, na uyachanganye dakika ile unapotaka kumimina, siyo mapema. Reneti iliyokaa kabatini msimu wote wa joto nayo hupoteza nguvu. Iweke kwenye friji, na usome tarehe.

Chanzo cha tatu ni joto la maziwa. Kipimajoto kisome nyuzi 31 au 32. Kidole hakitoshi, maana mkono wa mtu aliyetoka juani Dar es Salaam unaona kila kitu ni baridi.

Mwisho kabisa ndiyo fikiria maziwa yaliyotiwa maji. Hayo huganda, ila donge linakuwa legevu na haliachani vizuri. Likiwa legevu kidogo tu, hasa kwa maziwa yaliyopashwa joto na kukaa kwenye baridi, kloridi ya kalsiamu ya chakula, gramu 2 kwa lita 10 za maziwa, hulirudisha. Iyeyushe kwenye maji na uitie kabla ya reneti.

Donge lililoiva unalijua hivi: ingiza kisu kwa mshazari, kiinue polepole. Likipasuka mpasuko safi na maji ya rangi ya njano-kijani yakajaa kwenye ufa, kata. Likimeguka kama uji, subiri dakika 10 ujaribu tena.

Dalili ya pili: jibini limevimba, lina matundu mengi

Kijana wa Tabata alinipigia asubuhi mapema.

“Shikamoo dada. Jibini limenyanyua jiwe.”

“Marahaba. Limenyanyua vipi?”

“Usiku niliweka jiwe juu ya kifuniko likiwa limekaa sawasawa. Nimeamka nimekuta limelalia ukutani, na jibini limetuna katikati. Nikilibonyeza linarudi.”

Nilimwambia asilionje na alikate katikati, anieleze anachoona. Ndani kulikuwa na matundu madogo, mengi mno, ya duara, ukubwa wa punje ya ulezi, na kuta zake zinang'aa. Harufu ilikuwa ya zizi. Hapo tayari alikuwa na majibu mengi kuliko alivyodhani.

Hebu tupite kwenye ukaguzi mwepesi, kwa sababu siyo kila tundu ni baya. Matundu yenye umbo la nyufa, yaliyopinda, kuta zake hazing'ai, ni nafasi zilizobaki vipande vilipokandamizwa vikiwa vimeshapoa. Jibini la namna hiyo halivimbi, lina sura mbaya tu. Matundu ya duara yanayong'aa ni ya gesi. Ukiwa na shaka, kata kipande ukitumbukize kwenye maji matupu: jibini zuri linazama, lenye gesi linaelea. Usipimie kwenye maji ya chumvi nzito, kwa kuwa humo hata jibini zuri huelea na utaogopa bure.

Kisha angalia muda. Likivimba ndani ya siku ya kwanza au ya pili, wahusika ni bakteria wa kinyesi, au hamira za mwituni. Harufu inawatenganisha: bakteria wa kinyesi hunuka zizi, hamira hunuka mkate unaoumuka au pombe. Likivimba baada ya wiki kadhaa likiwa limehifadhiwa, hao ni bakteria wengine kabisa, wanaotoka kwenye udongo na majani yaliyovundikwa. Mbegu zao hazifi hata kwa maziwa yaliyopashwa joto.

Kijana wetu aliangukia kwenye kundi la kwanza. Bakteria hawa wanakula sukari ya maziwa na kutoa gesi mbili, kaboni dayoksaidi na haidrojeni. Haidrojeni haiyeyuki kwa urahisi kwenye majimaji ya jibini, kwa hiyo inajitengenezea vitundu kila mahali. Ndiyo iliyonyanyua jiwe.

Nikamuuliza alifanyaje. Alikuwa amefuata video ya mtu wa nchi ya baridi. Maziwa mabichi, akayapasha mpaka nyuzi 32 tu, akatia reneti, akakata, akafunga kwenye kitambaa, akaweka uzito na kuacha “kwenye joto la chumba” mpaka asubuhi. Hakutia mbegu yoyote ya mtindi, yaani mtindi kidogo ulio hai wa kuanzisha uchachu, kwa sababu yule wa kwenye video alisema maziwa mabichi yana bakteria wake wa kutosha. Ni kweli anao. Ila chumba cha yule bwana kina baridi, na pengine ng'ombe wake wako hatua chache kutoka jikoni. Chumba cha Tabata, usiku wa Februari, feni imezimika kwa kukatika umeme, ni mahali ambapo bakteria wa kinyesi wanazaliana wapendavyo, na hakuna asidi ya kuwazuia.

Yeye alikuwa na mshtakiwa wake tayari. “Dada, yule mama ametia maji kwenye maziwa. Namfuata sasa hivi.” Nikamwambia atulie. Maji kwenye maziwa yanalegeza donge, hayalivimbishi. Yakiwa maji machafu yanaleta wadudu, sawa, lakini wadudu wana njia nyingi za kuingia, na njia moja aliishika yeye mwenyewe kwa mikono yake.

*Kipimo cha chupa*

Hiki ni kipimo cha zamani cha watengeneza jibini na hakihitaji maabara. Unachukua chupa za jamu zenye vifuniko, unazichemsha, unatia maziwa kidogo na matone ya reneti iliyochanganywa, unaziweka kwenye joto la nyuzi 37 hivi kwa usiku mmoja, kisha unaangalia donge. Kijana alitumia deli, lile la kubebea barafu, akalijaza maji ya vuguvugu badala ya barafu na kulifunga.

Alipanga chupa nne. Ya kwanza ilikuwa na maziwa kama yalivyotoka kwa mama muuzaji. Ya pili ilikuwa na maziwa yaleyale yaliyopashwa joto nyuzi 63 kwa dakika 30 na kupozwa. Ya tatu ni maziwa yaliyopashwa joto, kisha akachovya ncha ya kitambaa chake cha kuchujia. Ya nne ni kama ya tatu, ila kitambaa kilichemshwa kwanza.

Asubuhi chupa ya kwanza ilikuwa imejaa matundu na donge limepanda mpaka karibu na kifuniko. Ya pili ilikuwa laini, huoni hata tundu moja. Ya nne vilevile. Ya tatu ilikuwa na matundu machache upande mmoja wa donge.

Hii chupa ya tatu ndiyo iliyomfunza. Maziwa yalikuwa na uchafu, hilo alilishuku tangu mwanzo. Lakini kama angeishia kupasha maziwa joto na kutumia kitambaa kilekile, jibini la pili nalo lingevimba, pengine kidogo, na angerudi kumlaumu mama. Kitambaa alikuwa anakifua kwa sabuni, anakianika kwenye kamba ya wapangaji wote, kisha anakikunja kikiwa bado na unyevu na kukitia kwenye mfuko wa plastiki. Kwa macho kilikuwa cheupe kabisa.

Kwa hiyo mpangilio wa vyanzo vya dalili hii, kutoka kinachotokea sana, ni huu. Kwanza maziwa mabichi yaliyochelewa njiani bila kupozwa. Pili kitambaa, mwiko, ndoo au mikono iliyorudisha uchafu baada ya maziwa kupashwa joto. Tatu kukosa mbegu ya mtindi, au mbegu kuwa dhaifu, kiasi kwamba sukari ya maziwa inabaki usiku kucha ikisubiri mlaji. Nne, mara chache zaidi, maziwa ya ng'ombe aliyekuwa kwenye dawa za antibayotiki: dawa inaua mbegu yako ya mtindi, huku baadhi ya bakteria wa kinyesi wakistahimili. Hili lina kipimo chepesi. Yachemshe maziwa hayo, yapoze, weka kijiko cha mtindi unaouamini. Yasipochacha mpaka kesho yake, huku maziwa ya kwingine yamechacha kwa mtindi uleule, muulize muuzaji kama kuna ng'ombe aliyetibiwa, na usiyatumie.

Kipimo cha chupa kina mipaka yake. Kinaonyesha wadudu wanaotoa gesi, basi. Vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe havitoi gesi yoyote, na maziwa yenye navyo yanaweza kukupa donge laini la kupendeza. Kwa hiyo chupa kuwa safi hakukupi ruhusa ya kutumia maziwa mabichi.

*Marekebisho*

Kijana alirudi kwa mama, safari hii kwa heshima.

“Shikamoo mama. Samahani, maziwa haya yanakamuliwa saa ngapi?”

“Marahaba mwanangu. Alfajiri, kule Kisarawe. Mpaka yashushwe hapa jua limeshawaka.”

Yalikuwa yanasafiri kwenye madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba, ambayo mkono hauingii kusugua. Walikubaliana ampe ndoo yake ya alumini yenye kifuniko, aichemshe yeye, na maziwa yake yawe yale ya mzigo wa kwanza kushuka. Mama hakuwa na ubaya wowote. Wateja wake wote wanachemsha maziwa wakifika nyumbani, na kwa mtu wa chai dumu lile halina shida.

Jibini la pili alilifanya hivi. Lita 10 za maziwa, nyuzi 63 kwa dakika 30 huku anakoroga taratibu, kisha sufuria ikaingia kwenye beseni la maji ya barafu mpaka kipimajoto kikasoma 32. Akatia gramu 200 za mtindi mtupu, usio na sukari wala ladha, ulio hai. Hapa angalia lebo: mtindi uliopashwa joto baada ya kuganda ili ukae muda mrefu hauna kitu cha kukusaidia. Akasubiri karibu saa moja mbegu iamke, ndipo akatia reneti kwa kipimo cha kwenye pakiti. Donge lilipoiva alilikata vipande vya ukubwa wa karanga, akaviacha vitulie, akavikoroga kwa nusu saa mpaka vikakaza. Kitambaa kilikuwa kinachemka kwenye jiko la pembeni wakati huo wote, na kilitolewa dakika ileile ya kutumika.

Jiwe halikusogea. Kwa maziwa ya namna ile alipata jibini la karibu kilo moja, ambalo ndilo la kutarajia kwa lita 10.

Dalili ya tatu: halikuvimba, lakini ni chachu na linameguka kama chenga

Hili ndilo lililompata kwenye jibini hilohilo la pili, na linawapata wengi wa Pwani wanaoanza kutumia mbegu ya mtindi. Alilikata akidhani amefaulu, likasambaratika kwenye ubao.

Chanzo cha kwanza ni muda. Mbegu ya mtindi inapenda nyuzi 30, na Dar inaipa nyuzi 30 bila kuombwa. Mapishi mengi yanasema “acha mpaka asubuhi”, na ukiacha hapa mpaka asubuhi asidi inapita kiasi, inayeyusha kalsiamu inayoshikamanisha jibini, na unabaki na chenga. Chanzo cha pili ni mbegu nyingi: mtindi ukizidi zile gramu 200 kwa lita 10, mbio zinaanza mapema. Cha tatu ni vipande kukatwa vikubwa au kukorogwa muda mfupi, vikabaki na maji mengi yenye sukari ndani.

Kuchunguza ni rahisi, alimradi maziwa yako yalipashwa joto. Jioni, kila baada ya saa moja hivi, lamba tone la maji yanayotoka kwenye kitambaa. Mwanzoni ni matamu. Yakishaanza kuwa na uchachu wa wazi, uzito umetosha. Ukitaka uhakika zaidi, mega kipande kidogo cha jibini ukitie kwenye maji ya moto ya nyuzi 80 na ukivute kwa vijiko viwili: kikikatika bila kuvutika ni mapema, kikivutika kama ubani wa kutafuna ni wakati wake, na kikiyeyuka kuwa chenga umechelewa.

Wakati wake ukifika, litoe hata kama ni saa nne usiku. Litie kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, gramu 200 za chumvi kwa lita moja, na liingie kwenye friji humohumo. Baridi na chumvi vinaipunguzia mbegu mwendo. Kama umeme wa mtaa wako haueleweki, nunua barafu mchana na uweke deli tayari. Kijana alihamisha ratiba nzima: sasa anaanza alfajiri, mara tu ndoo inaposhuka, ili jibini liingie kwenye chumvi kabla hajalala.

Chenga hizo si sumu. Zinafaa ndani ya sambusa au juu ya saladi. Lile lililovimba usifikirie kulikaanga ili liokoke. Baadhi ya bakteria wanaokaa kwenye maziwa machafu huacha sumu isiyoharibika kwa moto wa jikoni. Lizike au lifunge vizuri utupe, na paka wa jirani asilipate.

Wakati wa kuacha na kumwita anayejua

Maziwa yakiwa na vipande, nyuzinyuzi au rangi ya damu, usiyapashe joto ukidhani yatapona. Huyo ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Mwambie muuzaji, naye amwite afisa mifugo wa kata yake.

Ukishafanya usafi wote huu, maziwa yamepashwa joto, kitambaa kimechemshwa, mbegu ni hai, na bado jibini linavimba, acha kubahatisha. Peleka sampuli ya maziwa na ya maji unayotumia kupimwa maabara. Na kabla hujauza hata kipande kimoja kwa jirani, pita TBS, shirika la viwango, wana ofisi Ubungo. Tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yaliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, yamehamia kwao, na watakueleza jengo, usajili na vipimo vinavyotakiwa. Bodi ya Maziwa nayo ina utaratibu wake kwa wasindikaji.

Mjamzito, mtoto mdogo na mgonjwa mwenye kinga dhaifu wasile jibini laini la nyumbani lenye shaka yoyote.

Aliyekwisha kula jibini la maziwa mabichi akaharisha damu, aende hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, hata ikiwa imepita wiki kadhaa tangu ale, asiishie kwenye kipimo cha malaria. Amwambie daktari wazi kwamba alikula jibini la maziwa yasiyopashwa joto, ili apimwe brusela. Daktari asipoambiwa, hana sababu ya kuitafuta.